Pakiti ya chai, maandishi ya Kiarabu: imeandikwa kwa lugha gani?

Wanaofanya kazi ya majani ya chai hapa Mombasa hukutana na makaratasi na pakiti zenye herufi za Kiarabu, na wengi huzitia zote kapu moja: "hiyo ya Waarabu". Tazama neno chai lenyewe.

Kiarabu huandika شاي, kwa shini, kwa sababu herufi ya "ch" hawana. Ukiona چ, yaani jimu yenye nukta tatu tumboni, si Kiarabu sanifu. Lakini usikimbilie kusema ni Iran: چ na پ zimo katika Kifarsi, Kiurdu na Kipashto pia. (Hata wazee wetu wa Lamu na Mombasa wamezitumia baadhi yake kuandikia Kiswahili.)

Sasa nenda mwisho wa neno. چائے ina ye iliyolala ikirudi nyuma, ے. Hiyo ni Kiurdu, na kwa mzigo wa chai fikiria Pakistan kwanza, halafu India. Hakikisha kwa kutafuta ط ndogo juu ya herufi, kama ٹ au ڈ. Ikiwa ni چای bila nukta mwishoni, huenda ni Kifarsi cha Iran au cha Afghanistan. Huenda pia ni Kipashto: hapo tafuta kijiduara chini ya herufi, ټ au ډ, au ښ yenye nukta juu na chini. Wasemaji wa Kipashto wako Afghanistan na magharibi mwa Pakistan.

Neno moja likikosa alama, soma anwani yote.