Kabla ya Kuanza Kazi ya Minofu: Vidole Vinavyovimba na Kuwasha kwa Baridi

Baridi ya Mwanza peke yake ni nadra kumvimbisha mtu vidole, lakini anayekwenda kufunga minofu ya sangara kwenye barafu kwa saa nyingi anaingia katika baridi nyingine kabisa, hasa mikono yake ikiwa imelowa. Mishipa midogo ya damu hunywea, na vidole vikipashwa joto kwa ghafla damu hurudi kwa kasi hadi majimaji yakavuja na kuvimbisha ngozi.

Kabla ya zamu ya kwanza, andaa glavu za pamba za kuvaa ndani ya zile za mpira, pamoja na jozi nyingine kavu ya kubadilisha, kwa sababu glavu iliyoloa ndani ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya gambuti vaa soksi nene zisizobana. Mwili pia uvikwe vizuri, kwani kifua kikipoa mishipa ya vidole hunywea hata kama mikono imefunikwa. Anayevuta sigara yumo katika hatari zaidi.

Tuchukue mfano wa binti aliyemaliza zamu jioni, akaota mikono juu ya jiko la mkaa. Kesho yake vidole vitatu vimevimba, vinawasha na kuchoma, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani waziwazi, bali rangi ya zambarau au weusi uliozidi. Ilimpasa kukausha mikono na kuiacha ipate joto polepole, bila moto, bila maji ya moto na bila kusugua. Akikaa mbali na baridi, uvimbe huo kwa kawaida huisha katika wiki 1 hadi 3. Ngozi ikipasuka, ikatoa usaha au ikawa na joto, aende kituo cha afya.

Kinachosaidia kutofautisha ni muda. Uvimbe wa baridi hutokea saa kadhaa baadaye na kudumu siku nyingi, ilhali katika hali ya Raynaud vidole hupauka papo hapo, huwa vya bluu, kisha hurudi kawaida, mara nyingi ndani ya saa moja. Mishipa mikubwa ya miguu ikiziba, dalili yake ni maumivu ya misuli ya mguu wakati wa kutembea yanayotulia ukisimama, au kidonda kisichopona. Mwenye kisukari asijipime kwa maumivu, maana huenda hayasikii.

Asiyegusa baridi na bado vidole vyake vinavimba, au anayeumwa viungo na kutokwa na vipele usoni, apimwe magonjwa mengine, ikiwemo lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Mtoto mdogo akivimba viganja na nyayo huku akilia kwa maumivu, fikirieni selimundu, ugonjwa ulio mwingi Kanda ya Ziwa, mkampime siku hiyo hiyo. Mguu au mkono ukipoa ghafla, ukapauka na kufa ganzi, msisubiri kupambazuke. Pelekeni mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo.