Somo: Kumwomba jirani apunguze muziki wa usiku bila kuzua ugomvi

Somo hili linahusu nyumba za kupanga zenye vyumba vinavyotazamana kwenye korido moja, kama zilivyo nyingi za Dar es Salaam, ambamo ukuta mmoja tu hutenganisha kitanda chako na sabufa ya jirani.

Hatua ya kwanza: sikiliza kabla ya kulalamika. Ukiwa kitandani, angalia kama unasikia maneno ya wimbo au mdundo tu. Mara nyingi kinachokesha nawe ni besi, kwa kuwa hupenya ukuta na sakafu, ilhali sauti ya mwimbaji hufifia njiani. Jirani aliyekaa mbele ya redio huamini kwa dhati kwamba amefungulia kidogo.

Hatua ya pili: usiende usiku uleule. Ukigonga mlango saa sita ukiwa na hasira, naye ana wageni, atalazimika kulinda heshima yake mbele yao. Subiri kesho yake jioni, umkute peke yake.

Hatua ya tatu: piga hodi, salimianeni mpaka salamu ziishe, kisha sema shida yako badala ya kosa lake. Mimi nilipomwendea jirani yangu nilisema hivi: “Samahani kaka, nina ombi. Naamka saa kumi alfajiri kuwahi gari, na kitanda changu kimeegemea ukuta huu. Ikifika saa nne, naomba unipunguzie besi.” Neno “unipunguzie” lina kazi kubwa hapo, maana linamfanya kuwa mtu anayekusaidia, “unapiga kelele” lingemfanya mshtakiwa.

Hatua ya nne: jaribuni pamoja. Yeye alifungulia muziki, mimi nikarudi chumbani na kumpigia simu. Tuliiondoa sabufa ukutani, tukaiweka juu ya kipande cha godoro la sponji, akapunguza besi mpaka nikaacha kuisikia, kisha akatia alama ya kalamu kwenye kitufe. Kazi yote haikuzidi robo saa.

Maswali na majibu

*Je, naweza kumtumia ujumbe wa simu?*
Kwa ombi la kwanza sikushauri, kwa sababu maandishi hayana uso wala tabasamu. Mkishakubaliana, ujumbe mfupi wa kumkumbusha unatosha.

*Alikubali, lakini baada ya wiki amerudia. Nifanyeje?*
Mkumbushe mara moja zaidi, peke yenu. Akiendelea, mweleze mwenye nyumba, kisha mjumbe wa shina, na baada yao serikali ya mtaa. Usiwaambie wapangaji wengine kwanza. Akisikia amejadiliwa uani, hatajali tena besi bali nani alimsema.

*Na kama mpiga muziki ni mtoto wa mwenye nyumba?*
Anza na kijana mwenyewe, kwa hatua hizihizi. Ukianza kwa mzazi, utaonekana umemshtaki mtoto wake.