Moduli moja ya GPS, bodi tano za kupima

Bodi za kufuatilia matatu zikiwa tano na moduli ya GPS ni moja, rekodi sentensi zake za NMEA mara moja, tuseme Likoni hadi Nyali, kisha zirudishe kutoka kwenye kompyuta kwa adapta ya USB ya volti 3.3: TX ya adapta kwenye RX ya bodi, GND kwa GND, kasi ileile ya moduli (nyingi ni 9600). Bodi haitajua tofauti, maana inasoma herufi tu. Kuigiza kupotea kwa mawimbi, geuza `A` ya `$GPRMC` iwe `V`, na ukokotoe upya namba ya ukaguzi iliyo baada ya `*`. La sivyo bodi itaitupa sentensi nzima nawe udhani jaribio limefaulu. Antena haipimiki hivi, na bodi inayongoja jibu la moduli itakwama.