Kifungu cha usuluhishi kinapotaja chombo ambacho hakipo: namna ya kukiokoa

Mwezi uliopita nilimsaidia fundi wa mitambo wa Eneo la Viwanda aliyeiuzia hoteli moja ya Westlands majokofu na kubaki akidai shilingi 4,600,000. Mkataba wao ulisema hivi: «Mgogoro wowote utaamuliwa kwa usuluhishi jijini Nairobi na Chama cha Usuluhishi cha Nairobi, mbele ya msuluhishi mmoja, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho.» Chombo chenye jina hilo hakipo. Vifungu vya namna hii mwanasheria Frédéric Eisemann aliviita vifungu vyenye ugonjwa mwaka 1974, na jina hilo limebaki.

Hatua ya 1: Soma kitenzi kabla ya jina. «Utaamuliwa» kinafunga pande zote mbili. «Unaweza kupelekwa» huzua ubishi wa kwanza kabisa, yaani kama usuluhishi ni lazima au ni hiari. Hapa kitenzi kilikuwa kizima, tukaendelea.

Hatua ya 2: Jaribu kurekebisha kwa maelewano. Andika ukurasa mmoja unaotaja chombo sahihi, kisha pande zote mbili zitie sahihi. Hoteli ilikataa.

Hatua ya 3: Tenganisha nia na vifaa vyake. Hapa ndipo penye kazi, na usiharakishe. Futa jina lenye kasoro kwa penseli, kisha usome kilichobaki. Kwetu kilibaki usuluhishi, Nairobi, msuluhishi mmoja, na uamuzi wa mwisho. Hicho kinatosha, kwa sababu wahusika wasipokubaliana juu ya msuluhishi, kifungu cha 12 cha Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1995 kinairuhusu Mahakama Kuu kumteua. Jaji Kaplan wa Hong Kong alifuata njia hiyo mwaka 1993 katika kesi ya Lucky-Goldstar: chama kilichotajwa hakikuwapo, lakini kwa kuwa nia ya kusuluhishwa ilikuwa wazi, aliyaweka kando maneno yasiyo na maana na kukidumisha kifungu.

Hata hivyo, kabla ya kufuta, tafuta jina lilikusudia nini. Tulipekua barua pepe za wakati wa majadiliano, tukakuta meneja wa hoteli ameandika «kile kituo kilichoundwa na serikali kwa sheria ya 2013». Maelezo hayo yanaelekea moja kwa moja kwenye Kituo cha Usuluhishi wa Kimataifa cha Nairobi, na ushahidi wa namna hiyo una uzito kuliko hoja yoyote ya sarufi. Usikisie bila ushahidi. Miaka kadhaa iliyopita nilikisia, nikapeleka notisi kwenye taasisi moja. Ikamteua msuluhishi, upande wa pili ukapinga uteuzi huo, nasi tukaanza upya baada ya takriban mwaka mzima. Siku hizi notisi yangu hutaja kituo ninachoamini kilikusudiwa, kisha husema kwamba, endapo itaamuliwa vinginevyo, tunaomba msuluhishi ateuliwe kwa makubaliano au na Mahakama Kuu.

Mipaka ipo. Mahakama hutafsiri mkataba, haiwaandikii wahusika mkataba mpya. Ikiwa chombo hicho ndicho kilichokuwa moyo wa makubaliano, kukifuta kunaweza kukiua kifungu chote. Tena, uokoaji unaokubalika kwenye mahakama moja huweza kukataliwa kwingine. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ya Singapore ilikubali, katika Insigma dhidi ya Alstom, kwamba kituo cha Singapore kiendeshe usuluhishi kwa kanuni za chombo kingine, ICC, yaani Chemba ya Kimataifa ya Biashara, lakini mwaka 2013 mahakama ya Hangzhou, Uchina, ilikataa kutekeleza uamuzi uliotokana na usuluhishi huo kwa sababu ya jinsi jopo lilivyoundwa. Kwa hiyo uliza mali ya mdaiwa iko wapi kabla ya kuchagua tafsiri. Ya hoteli iko Nairobi.

Hatua ya 4: Ukishtakiwa mahakamani, linda muda. Chini ya kifungu cha 6 cha Sheria hiyo ya Usuluhishi, ombi la kusimamisha kesi liwasilishwe kabla au wakati ule ule wa kuandikisha kufika kwako mbele ya mahakama. Ukiwasilisha utetezi kwanza na ombi baadaye, umechelewa, hata kama kifungu chako hakina kasoro yoyote. Ombi likiwa ndani ya muda, mahakama itasimamisha kesi isipokuwa ikiona kifungu ni batili, hakifanyi kazi au hakitekelezeki, au hakuna mgogoro wa kweli.

Hatua ya 5: Mpe msuluhishi swali la kwanza. Kifungu cha 17 kinampa mamlaka ya kuamua kama ana mamlaka, na asiyeridhika anaweza kwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Hoteli ilipinga, msuluhishi alizisoma barua pepe zile, akajiona ana mamlaka. Siku 30 zilipita bila hoteli kwenda Mahakama Kuu, na sasa anasikiliza dai lenyewe la majokofu.