Somo: Ankara, risiti, kadi na saini ya barua pepe kwa ofisi ndogo ya ushauri

Anayepitisha malipo yako mara nyingi hajawahi kukuona. Umekaa kikao na meneja wa kampuni ya utalii pale Arusha mjini, mmeelewana vizuri, kisha ankara inatua kwa mhasibu ambaye kikaoni hakuwepo. Nembo yako nzuri ya kwenye tovuti hajaiona wala hataitafuta. Anakujua kwa karatasi iliyo mbele yake, na ndiyo maana nashauri pesa ya matangazo isubiri kwanza, karatasi zinyooke.

Mfano wetu ni ofisi ya Njiro, washauri wawili, kazi yao kuandika mipango ya biashara ya kambi za watalii na vyama vya wakulima wa kahawa.

Hatua ya 1: Tandaza kila kitu mezani, usome jina tu

Chukua ankara ya mwisho, risiti ya EFD, kadi, na barua pepe moja uliyoichapisha. Usiangalie rangi kwanza. Soma jina.

Wale wa Njiro walikuta hivi: kadi ina kifupisho cha herufi tatu, ankara ina kifupisho na neno la Kiingereza mbele yake, risiti ina jina zima la maneno manne, na akaunti ya benki iliyoandikwa chini ya ankara ni ya mmoja wao binafsi. Mhasibu wa mteja akaona kama watu wanne tofauti wanadai kazi moja. Hakuuliza kitu, aliiweka ankara pembeni tu.

Risiti ndiyo iwe kipimo, kwa sababu jina linalotoka kwenye mashine linafuata usajili wako wa TRA, hulibadilishi kwa kupenda. Liandike jina hilo, herufi kwa herufi, chini ya nembo kwenye ankara, kadi na saini. Kifupisho kinaweza kubaki ndani ya nembo, mradi jina kamili liko karibu nacho. Akaunti ya malipo nayo iwe kwa jina hilohilo.

Hatua ya 2: Ankara

Hapa kaa muda mrefu. Sehemu inayokutambulisha kuliko nembo ni mstari wa maelezo ya kazi. Wengi wanaandika "Huduma ya ushauri, 2,400,000" basi. Mhasibu hana pa kuilinganisha. Rudi kwenye mkataba, tumia maneno yaleyale: "Awamu ya 2 kati ya 3: makadirio ya mapato na gharama za kambi, rasimu iliyokabidhiwa tarehe fulani." Akifungua mkataba anakuta sentensi ileile, anatia tiki.

Kisha hesabu. Mteja mwenye wajibu wa kukata kodi ya zuio atakata asilimia 5 ya ada yako, kama wewe ni mkazi wa Tanzania kikodi. Ionyeshe mwenyewe:

Ada: 2,400,000
Kodi ya zuio 5%: 120,000
Kiasi kitakachoingia benki: 2,280,000

Chini yake omba kwa upole cheti cha kodi iliyozuiwa, maana utakihitaji kwenye hesabu zako za mwaka. Kama umesajiliwa VAT, mstari wake unakaa peke yake, na zuio la asilimia 5 linahesabiwa kwenye ada kabla ya VAT.

Sasa muonekano. Chapisha ankara kwa mashine ya rangi nyeusi tu, halafu itoe kopi. Kwa wateja wetu wengi ndivyo itakavyoishi ndani ya faili. Ofisi ya Njiro ilikuwa na kichwa cha njano ya alizeti. Kwenye kopi kikapotea chote, jina likiwemo. Walibakiza njano kwenye mstari mmoja mwembamba na jina wakaliandika kwa kijani kilichoiva, ambacho kwenye kopi kinatoka karibu na nyeusi.

Acha pia nafasi ya mhuri, upande wa kulia chini, pana kama kiganja. Wanaouza violezo vya ankara mtandaoni hawaijui mihuri yetu. Mhuri wako unatua juu ya namba ya akaunti, mapokezi ya mteja nao wanagonga wa kwao, na tarakimu mbili hazisomeki tena.

Jina la faili nalo linaonekana. `ankara mpya final2.pdf` inakuaibisha kabla haijafunguliwa. Tumia jina la ofisi, mwaka na namba, mfano `JinaLaOfisi-Ankara-2025-014.pdf`.

Hatua ya 3: Risiti

Umbo la risiti ya EFD usihangaike nalo. Angalia tu kwamba jina na anuani zinazotoka ni za sasa. Ukihamia ofisi nyingine, rekebisha taarifa TRA. Karatasi yake hufifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo itoe kopi siku hiyohiyo na umtumie mteja picha safi pamoja na namba ya ankara inayohusika.

Hatua ya 4: Kadi

Milimita 85 kwa 55 inatosha, karatasi ya gramu 300 hivi. Mchapaji mpe faili lenye milimita 3 za ziada kila upande ili kisu kisiache ukingo mweupe. Mgongo wa kadi usiupake plastiki inayong'aa, kalamu haishiki, na watu hupenda kuandika hapo mlipokutana.

Hatua ya 5: Saini ya barua pepe

Iwe maandishi, isiwe picha. Programu nyingi za barua huzuia picha hadi msomaji aruhusu, na nyingine huzigeuza kiambatisho, mteja akadhani umemtumia ankara.

```
Jina lako, Mshauri
JINA KAMILI KAMA LILIVYO KWENYE RISITI
Njiro, Arusha
+255 7xx xxx xxx
```

Kwenye simu ya Android, Gmail ina saini yake tofauti. Ingia mipangilio ya akaunti, tafuta `Mobile Signature`, uandike maneno yaleyale.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Sakina: Dada, nembo yangu ndiyo inajulikana, jina la usajili ni refu mno. Lazima nilipachike kwenye kadi?*
Ndiyo, ila kwa herufi ndogo chini. Nembo iendelee kutawala. Ukiona jina refu linakukera kila siku, kabadilishe BRELA, kisha urekebishe TRA na benki, ndipo uchape kadi mpya. Ukianza na kadi utachapa mara mbili.

*Mwanachama wa Moshi: Shikamoo mwalimu. Ndiyo kwanza naanza, naona aibu kutuma ankara namba 001. Nianzie 500?*
Marahaba. Usianzie 500. Andika mwaka mbele, 2025-001, na kila ofisi huwa na namba hiyo mwezi Januari. Lililo muhimu ni namba zifuatane bila kuruka, mkaguzi akipita asiulize ya katikati iko wapi.

*Mwanachama wa Kijenge: Kambi nyingi zinataka ankara ya dola.*
Kanuni za Machi 2025 zimezuia kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani, isipokuwa kwa yaliyoachwa na kanuni zenyewe. Kwa mteja wa hapa andika shilingi, na makubaliano ya bei nayo yaanze kwa shilingi ili ankara isije na tarakimu ambayo mkataba hauna.

*Mwanachama wa Njiro: Mteja amenirudishia ankara kwa sababu haina mhuri, ingawa saini ipo. Niweke picha ya mhuri kwenye kiolezo?*
Hapana. Picha hiyo ikishakaa kwenye kiolezo, kila mwenye faili ana mhuri wako. Chapisha, gonga, skani, tuma.