Watu hawajatimia: uende au uahirishe?

Safari yangu ya jahazi kutoka Lamu hadi magofu ya Takwa ilihitaji watu 10 ili nisile hasara. Jahazi shilingi 18,000, kila abiria 2,500, chakula chake 700. Kwa kila kichwa nabaki na 1,800. Waliolipa walikuwa 8. (Wa "nitakuja inshallah" siwahesabu.)

Nilitaka kuvunja, kisha nikakumbuka arbuni ya 6,000 ambayo nahodha harudishi. Nikivunja, napoteza 6,000. Nikienda na watu 8, napata 14,400, yaani hasara ya 3,600 tu. Tukaenda. Wangekuwa 6, hasara ya kwenda ingefika 7,200, hapo afadhali kuvunja. Kwa hiyo kumi ni idadi ya kutopata hasara, lakini ya kuamulia ni 7.

Siku ya kuamua iwe kabla ya kununua samaki, na kabla wageni wa Malindi hawajakata tiketi za basi. Itaje mapema, wakati wa kujiandikisha: "Jumanne jioni tukiwa chini ya 7, hatuendi, na pesa zenu narudisha usiku huohuo."