Simu mbili, alfajiri mbili: kupanga saa za kufunga Stockholm wakati wa kiangazi

Katika nyumba yetu ya hapa Stockholm, siku moja ya Juni, simu ya mke wangu iliadhini alfajiri saa 0:49 usiku, naye akaweka kikombe chini na kunuia. Yangu ilinyamaza hadi saa 2:45. Tulikuwa tumekaa meza moja, mbele ya sahani moja ya tende, na dirishani upande wa kaskazini mbingu ilikuwa na mwanga hafifu ambao haukuzimika tangu jua lilipotua. Hakuna simu iliyoharibika. Kila moja ilikuwa imefuata kanuni yake, na hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kuichagua kanuni hiyo.

Sisi tuliokulia pwani hatukuwahi kuhitaji kuchagua. Dar es Salaam urefu wa mchana kati ya msimu na msimu hautofautiani hata kwa saa nzima, saumu ni ya saa 13 na ushei mwaka mzima, na giza likiingia huwa giza kweli. Alfajiri ya kweli hukadiriwa kwa jua kuwa chini ya upeo kwa nyuzi 18 hivi, na isha vilevile, wekundu wa machweo unapotoweka. Stockholm iko kwenye latitudo ya nyuzi 59.3 kaskazini. Usiku wa tarehe 21 Juni, hata katikati ya usiku, jua hushuka chini ya upeo kwa nyuzi 7 tu na kidogo. Kiwango cha nyuzi 18 hakifikiwi kabisa, na hali hiyo huanza mwishoni mwa Aprili na kuendelea hadi karibu tarehe 20 Agosti. Tatizo hili haliwahusu watu wa Skandinavia peke yao: sehemu yoyote iliyo juu ya latitudo ya nyuzi 48.6 hivi, London ikiwemo, hulipata kwa siku kadhaa au wiki kadhaa za kiangazi.

Kwa hiyo magharibi ya Stockholm, yaani kutua kwa jua, huonekana kwa macho, lakini alfajiri na isha za Juni hukadiriwa. Msingi wa kukadiria ni hadithi ya Dajali iliyomo katika Sahihi ya Muslim, ambamo Masahaba waliuliza juu ya siku iliyo kama mwaka, iwapo sala za siku moja zingetosha, wakajibiwa kwamba hazitoshi, bali wakadirie.

Programu za simu hukadiria kwa kuugawa usiku. Mfano ni huo wa tarehe 21 Juni: jua huzama saa 22:08 na kuchomoza saa 3:31, kwa hiyo usiku una dakika 323. Kanuni iliyoandikwa kwenye simu `Middle of the Night` huugawa nusu kwa nusu, na alfajiri huangukia saa 0:49; saumu inakuwa ya saa 21 na dakika 19. Kanuni ya `One Seventh` huchukua sehemu ya saba ya usiku, yaani dakika 46, na kuzitoa katika saa ya mawio, ndipo alfajiri ikawa saa 2:45 na saumu ikapungua hadi saa 19 na dakika 23. Ile ya `Angle Based` huzigawa nyuzi za alfajiri kwa 60, kisha huchukua sehemu hiyo ya usiku: kwa nyuzi 18 ni dakika 97, na alfajiri huwa saa 1:54. Mji ni mmoja na siku ni moja, lakini kati ya kanuni ya kwanza na ya pili kuna karibu saa mbili za kula daku.

Ukitaka kujua simu yako inafuata ipi, tazama isha na alfajiri za usiku wa Juni. Zikiwa kwenye dakika ileile au zikikaribiana sana, ni kanuni ya nusu ya usiku. Zikiwa zimeachana kwa saa kadhaa, huenda ni mojawapo ya hizo mbili nyingine. Pakiwa na `--:--`, hakuna kanuni iliyowekwa, na unapaswa kuiweka mwenyewe kwenye mipangilio, mara nyingi chini ya maneno `High Latitude`. Jihadhari pia na ratiba za karatasi: nimemwona kijana mgeni akiendelea kunywa chai hadi saa ya mawio kwa sababu alisoma safu isiyo yake, na saumu yake ya siku ile ikabidi ailipe.

Ushauri wangu ni kwamba uchukue ratiba ya msikiti unaosali, uwaulize wanaoiandaa wanatumia kanuni gani, kisha uziwekee simu zote za nyumbani kanuni hiyohiyo. Usichague leo hii na kesho ile kwa kutazama ipi inakupa daku ndefu zaidi. Misikiti miwili ya mji mmoja ikitofautiana, hilo ni jambo la ijtihadi, na aliyekula hadi saa 2:30 kwa kufuata ratiba ya imamu wake hana sababu ya kulipa kwa ajili ya ratiba ya jirani.

Kuhusu kufuturu, wanazuoni wengi wanashika kwamba maadamu jua linazama ndani ya saa 24, mtu hufunga hadi litue, mchana uwe mrefu kiasi gani. Hivyo ndivyo Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudia lilivyoamua mwaka 1978, likiongeza kwamba atakayeshindwa au kuhofia madhara atafungua na kulipa siku nyingine. Dar al-Ifta, taasisi ya fatwa ya Misri, kwa upande wake inawaruhusu wenye mchana unaozidi saa 18 kuanza na alfajiri ya pale walipo na kufunga idadi ya saa za Makka. Mimi nafuata jua, kwa sababu hapa Stockholm linatua nikiliona. Aliye Tromsø, Norwe, hana jua la kufuata: kwa takriban miezi miwili, kuanzia katikati ya Mei, halitui kabisa, na huyo hana budi kuchukua saa za mji mwingine, uwe wa karibu wenye usiku na mchana au Makka, kama msikiti wake ulivyoamua.

Kwa sasa Ramadhani iko katika miezi ya baridi, na itarudi Juni katika miaka ya 2040. Saumu za kiangazi tulizonazo ni za sunna, kama Arafa na Ashura, ambayo mwaka 2026 inaangukia karibu na tarehe 25 Juni kwa kutegemea mwandamo, pamoja na madeni ya Ramadhani iliyopita. Madeni hayo, ambayo akina mama wengi hubaki nayo, hayana haja ya kulipwa Juni. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa mwanzoni mwa Februari, na kabla yake kuna Novemba, Desemba na Januari. Tarehe 21 Desemba alfajiri ya Stockholm ni kama saa 6:00 asubuhi na jua hutua saa 14:48, yaani saumu ya saa 8 na dakika 45 hivi. Mwenye deni asivuke tu Ramadhani hiyo bila udhuru, maana katika madhehebu ya Shafi ataongezewa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku aliyoichelewesha, na nafasi hii inazidi kusogea: mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba.